Shati la Pamba Linalobana Joto: Kutafuta Chanzo Kuanzia Dalili hadi Uzi

Gramu moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilojuli 2.4. Gramu hiyo hiyo ikidondoka chini, au ikinywewa na shati na kubaki humo, mwili umeipoteza bure. Matatizo mengi ya nguo kwenye joto lenye unyevu yanaanzia hapo: jasho limetoka, lakini halikupata nafasi ya kukauka mahali lilipohitajika.

Unyevu wa hewa ndio unaobadilisha kanuni. Ngozi iliyolowa jasho, ikiwa na nyuzijoto 35, husukuma mvuke nje kwa shinikizo la kama kilopaskali 5.6. Hewa ya nyuzijoto 32 yenye unyevu wa asilimia 80 tayari imebeba mvuke wa kilopaskali 3.8, kwa hiyo nguvu inayobaki ya kuvuta jasho ni 1.8 tu. Joto likiwa lile lile lakini unyevu ukiwa asilimia 30, nguvu hiyo inapita 4. Ndiyo maana kitambaa kinachofaa kabisa kwenye joto kavu kinaweza kukutesa kwenye joto la unyevu. Hewa iliyonaswa kati ya ngozi na nguo hushiba mvuke upesi, na isipobadilishwa, kukauka kunakaribia kusimama. Kwa hiyo chunguza kwanza matundu ya kitambaa na mwanya ulio kati yake na ngozi. Jina la nyuzi, iwe pamba, kitani au poliesta, lije baadaye.

Dalili ya kwanza: lebo inasema pamba asilimia 100, lakini shati linabana joto

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi, na mara nyingi pamba inasingiziwa. Kosa liko kwenye ufumaji. Asubuhi, shati likiwa kavu, halina shida. Baada ya nusu saa ya kutembea, mgongo na kifua vinakuwa kama vimefunikwa na nailoni, ingawa kitambaa ni chembamba na chepesi mkononi.

Anza na jaribio la mwanga. Nyoosha kitambaa mbele ya dirisha bila kukivuta. Ukiona vitone vya mwanga vilivyopangika kama wavu, kiko wazi. Ukiona weupe uliosambaa tu, kimefungwa, hata kama ni chembamba. Kisha weka kitambaa midomoni, kiganja kikiwa upande wa pili umbali wa sm 5, upulize. Linganisha na nguo unayojua kuwa inakufaa. Pumzi ikifika kiganjani kwa nguvu ile ile, endelea na dalili zinazofuata. Ikifika kama joto tu bila upepo, umepata chanzo.

Ukitaka kulinganisha vitambaa viwili kwa uhakika zaidi, hesabu nyuzi. Weka rula juu ya kitambaa, piga picha ya karibu kwa simu, uikuze, kisha hesabu nyuzi za mtande, yaani zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, katika sm 1, halafu za mshindio, zinazokwenda kwa upana, katika sm 1. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, uuzungushe kwenye penseli, mizunguko ikigusana bila kupandana, na uhesabu mizunguko katika nusu sentimita. Zidisha kwa mbili. Idadi hiyo inaonyesha nyuzi ngapi zingejaza sentimita nzima bila kuacha hata tundu. Ukigawa nyuzi ulizohesabu kwenye kitambaa kwa idadi hiyo, unapata sehemu iliyofunikwa.

Tuchukue mfano wa mashati mawili ya pamba, yote yakiwa na uzi unaojaza sentimita kwa mizunguko 70. La kwanza ni poplini yenye nyuzi 52 za mtande na 28 za mshindio. 52 ukigawa kwa 70 ni 0.74, kwa hiyo kwa upande wa mtande imebaki wazi 0.26. 28 ukigawa kwa 70 ni 0.40, imebaki 0.60. Zidisha 0.26 kwa 0.60, unapata 0.16: asilimia 16 ya eneo lote ndiyo matundu. La pili ni ufumaji huo huo wa kawaida wa uzi mmoja juu, mmoja chini, lakini lina nyuzi 30 kwa 28. Hapa tunazidisha 0.57 kwa 0.60, na matundu ni asilimia 34. Uzi ni ule ule na lebo ni ile ile, ila la pili lina nafasi maradufu ya kupitisha hewa. Hesabu hii si kipimo cha maabara, kwa sababu uzi hubonyea na kutanuka ukiwa ndani ya kitambaa, kwa hiyo uwazi halisi huwa mdogo kuliko jibu lako. Kwa kulinganisha, inatosha.

Kuna jambo jingine ambalo jaribio la asubuhi haliwezi kulionyesha. Pamba ikilowa, huvimba. Katika kitambaa kilichobanana, uvimbe huo hufunga matundu. Tabia hii iliwahi kutumiwa kwa makusudi: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Taasisi ya Shirley ya Manchester ilitengeneza kitambaa cha pamba kiitwacho Ventile kwa ajili ya mavazi ya marubani walioweza kuangukia baharini. Kikiwa kavu kilipitisha mvuke, kikilowa nyuzi zilivimba na kuzuia maji. Poplini iliyobanana inafanya kazi hiyo hiyo mgongoni mwako, kwa kiwango kidogo, bila wewe kuitaka.

Rudi kwenye mashati yetu, tuseme uzi umenenepa kwa asilimia 10 tu baada ya kulowa. Uwazi wa poplini unashuka kutoka asilimia 16 hadi kama 10. Ule wa shati la pili unashuka kutoka 34 hadi 30. Tena, tundu la poplini upande wa mtande lina upana wa kama mm 0.05, na tone la jasho hulifunika kwa urahisi kama utando wa sabuni kwenye kipete. Tundu la shati la pili ni karibu mm 0.19, mara nne zaidi, na hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo rudia jaribio la kupuliza kitambaa kikiwa kimelowa kisha kimekamuliwa. Matokeo hayo ndiyo ya kuamini, hasa ukichagua nguo za kazi za mchana kutwa.

Tiba ya shati lililokwisha kushonwa kwa poplini ya namna hiyo haipo, zaidi ya kulivaa sehemu zenye feni. Ukinunua kitambaa kipya, tafuta ufumaji wa kawaida usiobanana, wenye uzito wa gramu 70 hadi 110 kwa mita ya mraba kwa mashati na magauni. Voili na pamba nyepesi ya aina hiyo ziko humo. Kitani kinaweza kuwa kizito zaidi, gramu 120 hadi 160, na bado kikapitisha hewa, kwa sababu uzi wake ni mgumu na hufumwa ukiwa na nafasi. Epuka satini ya pamba kwa nguo za kubana, kwani nyuzi zake ndefu za juu hulala zikifunika matundu. Fua kipande kabla ya kuhesabu. Kitambaa kilicholegea kinaweza kurudi asilimia 5 au zaidi katika ufuaji wa kwanza, na nyuzi 30 zinakuwa karibu 32.

Ikiwa jaribio la kupuliza limefaulu na bado shati linabana joto, geuza nguo ndani nje. Bitana ya poliesta, kitambaa cha kukazia kilichobandikwa kwa gundi kwenye kola na ukanda wa vifungo, mfuko wenye tabaka mbili kifuani, au kipande cha mabega kilichofanywa mara mbili: kila kimoja kinaziba kabisa mahali ambapo mwili hutoa jasho jingi. Kipande cha mabega hasa husahaulika. Mwambie fundi aweke tabaka moja na kumalizia mshono kwa kuukunja, au tabaka la ndani alifanye kwa voili.

Dalili ya pili: nguo inagandamana na ngozi

Hapa hewa inapita vizuri nguo ikiwa mbali na mwili, lakini ikilowa kidogo inajibandika mgongoni na mapajani. Mara inapojibandika, mwanya wa hewa umekwisha na matundu hayakusaidii tena, kwani maji yamejaza nafasi kati ya uzi na ngozi.

Chanzo cha kwanza ni uso laini na bapa. Kadiri kitambaa kinavyogusa ngozi kwa eneo kubwa, ndivyo utando wa jasho unavyokishika. Viskosi ndiyo inayodanganya zaidi. Dukani ni baridi na inaning'inia vizuri, lakini hunywa unyevu mwingi kuliko pamba, huvimba sana, huwa nzito na dhaifu ikilowa, na kwa ulaini wake hulala juu ya ngozi kama jani la mgomba. Viskosi inafaa kwa sketi pana au suruali ya mapaja mapana. Kwa blauzi ya kubana haifai.

Chanzo cha pili ni jezi, yaani kitambaa cha fulana kilichofumwa kwa vitanzi. Kina matundu, lakini kinanyumbuka na kufuata mwili kote. Kikiwa na spandeksi, hakikupi mwanya hata kidogo.

Jaribu hivi: lowanisha sehemu ya ndani ya mkono kwa maji, laza kitambaa juu yake, kisha geuza mkono ili kitambaa kiangalie chini. Kikianguka chenyewe au kikashika sehemu chache tu, kinafaa. Kikining'inia chote kama plasta, kitakufanyia hivyo hivyo mgongoni.

Dawa yake ni uso usio bapa. Kitambaa chenye mistari ya mikunjo iliyofumwa humo humo, kinachopatikana kwa kulegeza baadhi ya nyuzi za mtande, hugusa ngozi kwenye vilele vya mikunjo tu na kuacha vijia vya hewa katikati. Krepu, iliyosokotwa uzi kwa nguvu mpaka ikakwaruzika kidogo, hufanya hivyo pia. Kitani kikavu na kigumu hujisimamisha chenyewe. Hivi vitambaa visipigwe pasi kwa nguvu mpaka vikalala, kwa sababu mikunjo ndiyo kazi yake.

Kipimo cha mshono nacho kina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Shati la kufaa kwenye unyevu liwe na sm 12 hadi 16 za ziada kuzunguka kifua kuliko kipimo cha mwili, na pindo la chini liwe wazi. Unapotembea, nguo pana hupiga hewa kama kipepeo: hewa iliyoshiba mvuke inatoka shingoni na mikononi, hewa mpya inaingia chini. Ukichomeka shati na kukaza mkanda, umefunga mlango wa chini. Kati ya kununua kitambaa bora zaidi na kuongeza sm 6 kwenye kipimo, mara nyingi zile sm 6 ndizo zinazoleta nafuu ya haraka.

Dalili ya tatu: jasho linatiririka chini ya nguo, nguo yenyewe haichukui

Matone yanashuka mgongoni mpaka kiunoni, na ukigusa shati kwa nje ni kavu. Kitambaa hakifyonzi. Chukua kijiti au sindano ya kudondoshea, angusha tone moja la maji kutoka urefu wa sm 1 juu ya kitambaa kilichonyooshwa, uhesabu mpaka mng'ao wa tone upotee. Chini ya sekunde 5 ni vizuri. Likikaa dakika nzima kama ushanga, jasho nalo litakaa hivyo hivyo.

Kitambaa kipya cha pamba kikishindwa, mara nyingi ni wanga au mafuta ya kiwandani. Kiloweke usiku kucha, kisha kifue kwa maji ya nyuzijoto 60 na sabuni, kikauke, ujaribu tena. Kikifaulu, tatizo limekwisha. Kikishindwa baada ya kufuliwa mara tatu, huenda kimewekewa dawa ya kuzuia mikunjo au kuzuia maji, na hiyo haitoki kwa kufua. Nguo za pamba zinazouzwa kwa sifa ya kutohitaji pasi zichunguze kwa tone kabla ya kulipa.

Nguo ya zamani iliyokuwa nzuri kisha ikabadilika, ulizia kilainishi cha nguo. Kilainishi huacha utando wa mafuta juu ya kila uzi, na utando huo ndio unaozuia maji kuingia. Acha kukitumia, fua mara mbili kwa sabuni bila kukiongeza, suuza kwa maji mengi.

Poliesta ina habari yake. Nyuzi zenyewe hunyonya unyevu chini ya asilimia 1 ya uzito wake, wakati pamba hufika kama asilimia 8 kwenye hewa ya kawaida. Fulana za michezo hazifyonzi kwa kunywa, bali kwa kupitisha maji katika vijia vyembamba kati ya nyuzi, kama utambi unavyopandisha mafuta. Kwa hiyo poliesta ya kawaida ya blauzi, iliyo laini na bila vijia, isilinganishwe na ile ya michezo. Kata ukanda wa upana wa sm 2.5, uning'inize ncha yake sm 1 ndani ya maji kwa dakika 10. Maji yakipanda sm 8 au zaidi, kitambaa kinasambaza. Yakikwama chini ya sm 3, kinachosemwa kwenye lebo hakipo. Kata ukanda mmoja kwa urefu wa kitambaa na mwingine kwa upana, kwani hupishana.

Tusikuze jambo hili kuliko lilivyo. Kusambaza jasho hulipanua lipate eneo kubwa la kukaukia. Kwenye hewa tulivu yenye unyevu wa asilimia 85, eneo hilo linasaidia kidogo tu kama matundu ni machache na nguo inabana. Fulana ya michezo inayosambaza vizuri lakini imefumwa imebanana itakushinda ukisimama, hata kama ilikufaa ukikimbia, maana kukimbia kunaleta upepo wake.

Dalili ya nne: nguo inabaki mbichi siku nzima, kisha inanuka

Pima nguo ikiwa kavu kwa mzani wa jikoni, ilowanishe, ikamue vizuri, upime tena. Shati la gramu 200 likirudi na gramu 380 limebeba gramu 180 za maji zinazotakiwa kukauka. Shati la gramu 300 la kitambaa kile kile litabeba kama 270. Uzito wa kitambaa ndio unaoamua zaidi, kwa hiyo punguza gramu kwanza. Kaki ya gramu 250 na jinzi ya 350 kwa mita ya mraba hazina namna ya kukauka upesi kwenye unyevu. Kwa suruali, kitani au pamba ya ufumaji wa kawaida yenye gramu 150 hadi 180 inavumilia kazi na inakauka.

Harufu ni jambo la pembeni kwa kiasi. Poliesta hushika mafuta ya ngozi kuliko pamba, na bakteria wanayala. Ikinuka mara inapopata joto la mwili ingawa imefuliwa, iloweke saa moja kwa sabuni yenye vimeng'enya kabla ya kufua. Kilainishi kinazidisha tatizo.

Pale uwazi unapogeuka kasoro

Kitambaa chenye uwazi wa asilimia 34 kinapitisha jua pia. Ukifanya kazi nje saa za mchana, mabega yataungua kupitia matundu hayo hayo. Weka kipande cha mabega cha ufumaji ulioshikana kiasi, lakini kiwe tabaka moja, na uache mgongo chini yake uwe wazi, hata kwa mpasuo wa ndani wenye kitambaa cha wavu. Rangi iliyokolea huzuia miale mingi kuliko nyeupe ya kitambaa kile kile, ingawa hukusanya joto zaidi juani.

Uwazi pia huvuta mishono. Nyuzi zilizoachana huteleza kwenye kwapa na makalio nguo ikibana, na mshono hufunguka bila uzi kukatika. Acha ukingo wa sm 1.5, uukunje na kuushona mara mbili, na usipunguze zile sm za ziada ulizoongeza.

Harara ikitokea mfululizo sehemu moja, kwa mfano chini ya ukanda wa kiuno au sidiria, kubadilisha kitambaa cha shati hakutaitibu. Tazama lastiki na tabaka zilizopandana mahali hapo. Na hewa ikifika nyuzijoto 36 huku unyevu ukiwa asilimia 90, mvuke ulio hewani unakuwa karibu sawa na ule wa ngozi. Hapo hakuna kitambaa kitakachokausha jasho. Kinachobaki ni kivuli, kupunguza kazi na kujimwagia maji yenye ubaridi kuliko mwili.